Shokapu na Milimita 17 za Tairi

Dereva aliyezoea barabara za vumbi, kama ile ya Lango la Naabi kuelekea Seronera, anaijua vizuri mikunjo inayofanana na bati. Kwa kilomita 30 kwa saa gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Akiongeza mwendo, mtetemo unapungua. Sababu yake inaonekana tukilikata gari vipande vinne kwa mawazo na kukitazama kimoja tu. Wahandisi hukiita robo gari.

Robo hiyo ina mizigo miwili, mmoja juu ya mwingine. Juu kuna sehemu ya bodi na abiria, tuseme kilo 300. Chini kuna gurudumu na vyuma vyake, kilo 40. Kati yao kuna springi na shokapu. Chini kabisa kuna tairi lenye upepo, ambalo nalo ni springi, tena ngumu. Springi ya chuma hubonyea milimita moja kwa kila kilo 2 hivi, tairi milimita moja kwa kila kilo 20.

Kila mzigo uliokaa juu ya springi una mwendo wake wa kuzaliwa nao wa kupanda na kushuka, unaoitwa masafa asilia. Mzigo ukiwa mzito mwendo huo hupungua, springi ikiwa ngumu huongezeka. Kwa robo yetu, bodi hupanda na kushuka mara 1.2 kwa sekunde, polepole kama bembea. Gurudumu, kwa kuwa ni jepesi na limebanwa na tairi gumu, hurukaruka karibu mara 12 kwa sekunde.

Sasa turudi barabarani. Mikunjo ikipishana kwa sentimita 70, gari la kilomita 30 kwa saa hukutana na mikunjo 12 kila sekunde. Ndio mwendo ule ule wa gurudumu, kwa hiyo kila mkunjo unalisukuma likiwa tayari linapanda. Kwa kilomita 80 mikunjo inakuwa 32 kwa sekunde, gurudumu haliwezi kuifuata, na ndiyo maana bodi inatulia.

Anayelizuia gurudumu lisiruke ni shokapu. Robo yetu ina uzito wa kilo 340, hivyo tairi likisimama limebonyea milimita 17. Hizo ndizo akiba yake yote. Gurudumu likipanda milimita 17 kuliko barabara iliyo chini yake, tairi limeachana na ardhi, na hapo breki na usukani havina pa kushika. Chukua mikunjo midogo, milimita 12 kutoka bondeni hadi kileleni. Kwa kilomita 30, shokapu nzima huruhusu tairi kubadilika kama milimita 12 au 13 juu na chini, kwa hiyo bado linagusa ardhi. Shokapu iliyopoteza nusu ya nguvu yake huruhusu karibu 23. Kwenye kila mkunjo tairi linaelea.

Basi kwa nini tusifunge shokapu ngumu kabisa? Kwa sababu shokapu imeshika gurudumu kwa mkono mmoja na bodi kwa mkono mwingine. Ukiifanya ngumu mara mbili, mtikisiko wa mara 5 kwa sekunde unaofika kwenye kiti nao unakaribia mara mbili, na mwili wa mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mitikisiko ya mara 4 hadi 8. Ukiilegeza mno, bodi inayumba na gurudumu linaruka. Kwa hiyo gari la kawaida hupewa shokapu yenye kati ya asilimia 20 na 40 ya nguvu ambayo ingeizuia bodi isipite usawa wake hata mara moja inaporudi baada ya kubonyezwa. Raha ya abiria inavuta kuelekea chini, mshiko wa barabara unavuta kuelekea juu.

Fundi akibonyeza pembe ya gari kwa mikono na kuachia, anaipima bodi peke yake, ule mwendo wa mara 1.2. Hawezi kwa mikono kulitikisa gurudumu mara 12 kwa sekunde. Pembe inaweza kutulia vizuri na shokapu ikawa imechoka. Kwa hiyo tazama pia chini: mafuta yaliyochuruzika kwenye shokapu, na tairi lililolika kwa mabonde mabonde kuuzunguka mkanyago wake. Mabonde hayo mara nyingi ni alama ya gurudumu linalorukaruka. Ukiyakuta, usisubiri kiti kikwambie. Badilisha shokapu zote mbili za ekseli hiyo kwa pamoja, kwa sababu kiti hakijui kama tairi limeshika ardhi.