Unaagiza gari Japani? Angalia umri wake kabla ya bei

Wauzaji wa mtandaoni wa Bugarama, swali limekuja tena: mtu amechoka kukodi gari la kubeba mizigo ya wateja kutoka Kahama, anataka kuagiza Vitz yake. Ameona ya zamani, bei poa. Subiri kwanza.

Ushuru haupigwi kwenye bei uliyoilipa. TRA wana thamani yao kwa kila gari, ndani yake kuna gari, meli na bima hadi Dar. Iangalie kwenye tovuti yao, sehemu ya Used Motor Vehicle Valuation System. Ukipunguziwa bei na muuzaji, ushuru haupungui ng'o.

Sasa tuchukue Vitz mbili za 1,300cc.

Ya kwanza ina miaka 11, tuseme thamani ni milioni 8. Ushuru wa forodha 25% ni milioni 2, inakuwa milioni 10. Kwenye hiyo 10 unalipa ushuru wa bidhaa 5% kwa sababu ya injini, yaani laki 5, halafu 30% ya uchakavu kwa kuwa imepita miaka 10: milioni 3. Jumla 13.5. Hapo ndipo inakuja kodi ya ongezeko la thamani 18%, milioni 2.43. Ushuru wote: 7,930,000.

Ya pili ina miaka 7, thamani milioni 10. Forodha milioni 2.5, bidhaa 625,000, uchakavu hakuna, ongezeko la thamani 2,362,500. Ushuru wote: 5,487,500.

Jumlisha na thamani. Kuukuu imefika 15,930,000, mpya zaidi 15,487,500. Umelipa zaidi kwa gari lililochoka zaidi! Bado kuna tozo ndogo kama ya reli, na ujira wa wakala wa forodha.

Kati ya miaka 8 na 10 uchakavu ni 15%. Kwa hiyo gari lililo ukingoni usilinunue Novemba. Meli ikifika Januari, mwaka umeshaongezeka. Magari ya mizigo kama pikapu yana viwango vyake, usitumie hesabu hii.

Usajili unafanyika TRA, uwe na TIN. Ada ni ya mara moja na inapanda kwa ukubwa wa injini. Gari binafsi linapewa namba ya njano, la biashara nyeupe. Malipo yote ya serikali dai namba ya malipo yenye jina lako, ulipe mwenyewe benki au kwa simu. Usimtumie wakala pesa ya ushuru mfukoni mwake.

Na leseni ya barabara ya kila mwaka? Ilifutwa Julai 2017, fidia yake ikawekwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Anayekudai leo hiyo "rodi laisensi" ya mwaka anakupiga. Bima ndiyo bado lazima.