"Hajitumi" ni Tuhuma, Si Tathmini

"Ni mfanyakazi mzuri kwa ujumla, ila hajitumi. Huchelewesha kazi, mawasiliano yake ni hafifu na ana kiburi kidogo. Aongeze bidii."

Fomu nyingi za tathmini ya utendaji huishia na maneno ya namna hii. Msimamizi huyaandika kwa dakika tano, jioni ya mwisho kabla ya fomu kurudishwa, na mfanyakazi huyabeba mwaka mzima. Yanaweza kumnyima nyongeza ya mshahara, kumchelewesha kupanda cheo, na siku moja yakatolewa kwenye jalada lake kama ushahidi kwamba ni mzembe. Ukitafuta ndani yake jambo moja lililotokea, lenye tarehe na mahali, hulipati.

Tanzania ilishalitazama tatizo hili kwa upande mmoja. Kwa miaka mingi mtumishi wa umma alijaziwa taarifa ya siri ambayo mwenyewe hakuiona. Mwaka 2004 ulipoanzishwa mfumo wa wazi wa OPRAS, ambao baadaye ulipisha PEPMIS, mtumishi na msimamizi walitakiwa kukubaliana malengo mapema, kisha wakae pamoja kuyapima. Siri iliondoka, lakini uwazi wa fomu hauleti uwazi wa maneno. Sentensi tupu hubaki tupu hata mhusika akiisoma na kutia saini chini yake.

Namna ya kuisahihisha inaonekana vizuri zaidi kwa kufuata fomu moja hadi mwisho. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya. Ni wa afisa mikopo katika SACCOS ya wafanyakazi, dada anayepokea maombi ya mikopo, kukagua wadhamini, kuandaa majalada ya kamati ya mikopo na kufuatilia marejesho. Meneja wake ameandika maneno yale yaliyotangulia na kumpa alama 2 kati ya 5. Fomu imefika kwa afisa utumishi, mama mwenye miaka mingi kazini, naye ameirudisha.

"Mama, mimi huyu namwona kila siku," meneja analalamika.

"Unamwona akifanya nini?"

Swali hilo ndilo linalobeba kazi yote. Mama huyo hamtaki meneja abadili maoni yake. Anataka kila neno la hukumu liambatane na mambo manne: jambo gani lilitokea, lini, lilileta matokeo gani, na ni kiwango gani cha kazi ambacho mfanyakazi alikwisha kuelezwa. Neno likikosa hayo, linatoka kwenye fomu.

Wanaanza na "huchelewesha kazi". Kwa bahati, hili lina rekodi. Utaratibu wa ofisi unataka jalada la mwombaji lifike kwa katibu wa kamati siku 3 za kazi kabla ya kikao cha mwezi. Rejista ya Januari hadi Juni inaonyesha maombi 48, na kati yake 39 yaliwahi. Yaliyochelewa ni 9. Msimamizi mwenye haraka angeishia hapo, akaandika "majalada 9 yalichelewa", akaamini kwamba ametoa ushahidi. Afisa utumishi anaomba majalada yenyewe. Katika 6 kati ya hayo, barua ya mwajiri ya kuthibitisha makato ya mshahara ilikuwa haijafika, na afisa mikopo aliikumbushia kwa maandishi. Yaliyobaki 3 yalikuwa na nyaraka zote yakakaa mezani kwake. Mawili ni ya Aprili, wiki alizokuwa akishika pia kazi za mwenzake aliyekuwa likizo. Moja ni la Februari, na halina maelezo.

Sentensi mpya inasomeka hivi: "Kati ya majalada 48 ya Januari hadi Juni, 39 yaliwasilishwa kwa wakati. Kati ya 9 yaliyochelewa, 6 yalisubiri barua za waajiri. Matatu yalichelewa yakiwa yamekamilika: moja Februari, na mawili Aprili alipokuwa akishika kazi za mwenzake. Waombaji hao watatu walisubiri kikao cha mwezi uliofuata."

Sentensi hiyo haikumwondolea lawama. Waombaji watatu walisubiri mwezi mzima kwa sababu yake, na hilo limeandikwa waziwazi kuliko mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba sasa lawama inamtosha. Na meneja naye ameona sehemu yake: yeye ndiye aliyempa kazi za watu wawili Aprili bila kusogeza tarehe yoyote.

"Mawasiliano hafifu" linachukua muda mfupi. Meneja alikuwa akiwakumbuka wanachama wawili waliokuja kaunta wakilalamika kwamba hawajui hatima ya maombi yao. Barua zinaonyesha kuwa walijulishwa kukataliwa baada ya siku 16 na 19, ilhali utaratibu ni siku 7. Basi hayo ndiyo yanayoandikwa. Neno "mawasiliano" linaweza kubeba chochote, kuanzia barua hadi sauti ya mtu kwenye simu, na mfanyakazi hawezi kujua arekebishe lipi.

Neno gumu kuliko yote ni "kiburi". Maneno ya tabia ndiyo yanayoumiza zaidi na ndiyo yenye ushahidi mdogo zaidi, kwa sababu huhukumu moyo wa mtu, na moyo hauonekani. Meneja anapobanwa aeleze, anataja siku moja, tarehe 14 Mei. Mwanachama alileta fomu yenye mdhamini ambaye tayari alikuwa amefikisha kiwango cha juu cha udhamini kilichowekwa na sera ya mikopo. Afisa mikopo alikataa kuipokea, hata meneja alipomwomba ailegezee. Kwa sera, alikuwa sahihi kabisa. Lakini alimweleza mwanachama sababu kwa sauti pale kaunta, watu wengine wakisikia mdhamini anawadhamini kina nani, na kesho yake mdhamini akaleta malalamiko ya maandishi.

Kumbe ndani ya neno moja kulikuwa na mambo mawili yanayokwenda pande tofauti. Fomu mpya inayatenganisha: alisimamia sera ya udhamini chini ya shinikizo, na hiyo ni sifa; alitoa taarifa za mdhamini mbele ya watu, na hilo ni kosa la utunzaji wa siri linalohitaji kurekebishwa. "Kiburi" lilikuwa limeizika ile sifa na kulificha lile kosa.

Likabaki "hajitumi". Meneja anafikiri kwa muda mrefu, kisha anasema huwa anamwona akiondoka saa kumi na nusu jioni kila siku. Mkataba unasema kazi inaisha saa kumi na nusu. Neno likafutwa, na halikuwekwa jingine mahali pake. Wasimamizi wengi huona taabu sana kufika hapa, kwa sababu kufuta huonekana kama kushindwa hoja. Lakini hisia isiyo na tukio hata moja ndani ya miezi 6 haina haki ya kukaa kwenye jalada la mtu.

Sifa nayo ilipitishwa kwenye chujio hilohilo. "Mfanyakazi mzuri" halimsaidii mtu kupanda cheo, maana kila fomu inalo. Meneja alipoulizwa uzuri huo aliuona wapi, alikumbuka kwamba Machi dada huyu alilinganisha orodha ya marejesho na hati za mishahara, akagundua wanachama 4 ambao mwajiri wao aliwakata fedha bila kuziwasilisha. Aliandika barua, akaifuatilia, na fedha zikaingia mwezi uliofuata. Kazi hii ya thamani kuliko zote za nusu mwaka haikuwamo kabisa kwenye fomu ya kwanza.

Kusahau huko kuna sababu zinazojulikana. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alionyesha mwaka 1920 kwamba maofisa wa jeshi walipowapima askari wao kwa sifa mbalimbali, alama zilifanana kupita kiasi. Aliyeonekana mzuri kwa jambo moja alipewa alama nzuri kwa yote. Jambo moja la kuudhi nalo huweza kuchafua alama zote vivyo hivyo. Zaidi ya hapo, anayeandika Juni hukumbuka zaidi ya Mei kuliko ya Machi. Mwenzake Thorndike katika fani hiyo, John Flanagan, alichapisha mwaka 1954 njia iliyotokana na utafiti wake katika jeshi la anga: kukusanya matukio halisi ya kazi iliyofanywa vizuri au vibaya, badala ya kuuliza watu wanamwonaje fulani.

Kwa ofisi ya kawaida, njia hiyo ni daftari. Msimamizi anaandika mistari miwili au mitatu ndani ya wiki ya tukio: tarehe, kilichofanyika, kilicholeta. Hatari yake iko wazi. Daftari linaloandika makosa tu, tena kwa siri, linageuka mtego. Tukio la kukosoa lizungumzwe na mhusika wiki hiyohiyo, mazuri yaandikwe kwa bidii ileile, na wafanyakazi wote wa kitengo waandikiwe, si yule tu asiyependwa. Tena si kila kazi ina rejista. Pale pasipo na hesabu, tukio moja lililoelezwa kwa uaminifu linafaa kuliko tarakimu ya kubuni.

Agizo la "aongeze bidii" lilikuwa la mwisho kubadilishwa. Sasa linasema kwamba kuanzia Julai hadi Septemba kila jalada lililokamilika lifike kwa katibu siku 3 kabla ya kikao. Linalosubiri nyaraka liripotiwe kwa meneja kila tarehe 20. Na maelezo yanayomhusu mdhamini yatolewe ndani ya chumba, si kaunta. Meneja naye ameandika ahadi yake: hatamgawia kazi za aliye likizo bila kupanga upya tarehe. Alama ya jumla imepanda hadi 3.

Sheria inalitazama jambo hili kwa macho hayohayo. Nchini Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataka anayeamua kuhusu utendaji duni aangalie kama mfanyakazi alikijua kiwango kinachotakiwa, kama kiwango kilikuwa cha haki, na kama alipewa nafasi ya kukifikia. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. "Hajitumi" haliwezi kujibu hata moja ya maswali hayo.

Kwa hiyo wewe uliyewekewa fomu mezani leo, usikimbilie kutia saini wala kugomba. Omba kwa adabu tukio na tarehe ya kila sentensi, za sifa na za lawama. Palipokosekana jibu, liandike hilo kwenye nafasi ya maoni ya mfanyakazi, na ubaki na nakala yako.