Mpagazi Anapokula Mzigo Wake

Mtunzi wa hadithi za kubuni akichora ramani ya ufalme wake, huanza na milima, kisha jumba la mfalme, kisha joka. Dhahabu huimwaga popote. Mhusika anaingia mgahawani, analipia bakuli la supu kwa sarafu ya dhahabu, wala hakuna anayetafuta chenji. Msomaji aliyelikubali joka bila ubishi hukwama kwenye hiyo supu.

Hesabu ya utajiri ni afadhali ianzie begani mwa mpagazi. Tuseme ufalme unaitwa Mirasha. Una mji wa bandari, na nyuma yake bara lenye mashamba ya mtama na machimbo ya dhahabu. Mpagazi anabeba kilo 30 na kula kilo moja ya nafaka kwa siku. Akitoka shambani na mtama kwenda soko lililo mwendo wa siku 15, kwenda na kurudi ni siku 30, na mzigo wote umeishia tumboni mwake. Hakuuza hata kibaba. Soko likiwa mwendo wa siku 5, atakula kilo 10 na kuuza 20.

Basi mji wa Mirasha hauwezi kulishwa na mashamba ya mbali, labda pawe na mto au bahari, kwa kuwa jahazi moja lenye mabaharia wachache hubeba mizigo ya mamia ya wapagazi. Dhahabu mambo yake ni mengine. Mzigo mmoja unalipia chakula cha njia nzima na faida tele inabaki. Ndiyo maana misafara mirefu hubeba dhahabu, pembe za ndovu na nguo, si mahindi.

Sasa, nani anatajirika? Wengi watajibu mwenye mgodi. Kilwa haikuwa na mgodi hata mmoja.

Dhahabu ilichimbwa nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, kusini kabisa. Ilichokuwa nacho Kilwa ni mahali pake kwenye upepo. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Uarabuni, na kusi ikavirudisha. Nahodha aliyeishia Kilwa aliweza kuuza, kununua na kurudi kwao bila kupoteza mwaka. Aliyeng'ang'ania kufika Sofala alijitia katika hatari ya kukwama akisubiri msimu mwingine. Kwa hiyo dhahabu ilipandishwa hadi Kilwa ikutane na mnunuzi, na watawala wa Kilwa, ambao Sofala yenyewe waliitia mkononi, wakatoza ushuru. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331. Jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane, lilikuwa limejengwa na watu ambao dhahabu waliiona ikipita tu.

Huko huko Kilwa masultani walipiga sarafu ndogo za shaba zenye majina yao. Nyingi zimefukuliwa Kilwa kwenyewe na visiwa vya jirani kama Mafia, hazikusafiri mbali. Zilifaa biashara ndogondogo za kila siku, na mtunzi angeziweka mkononi mwa yule mla supu. Dhahabu ibaki kwenye mizani ya matajiri.

Fedha nayo huweza kuugua. Afrika Magharibi walitumia kauri kutoka Maldivi kwa karne nyingi, na thamani yake ilisimama kwa sababu zilitoka mbali. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri za pwani ya Zanzibar, kubwa kidogo, zilipatikana kwa bei ya chini mno. Wakazipeleka kwa shehena. Bei za vitu zikapaa, na mpagazi akarudi kwenye hesabu: kubeba fedha zenyewe kukawa ghali, kwa kuwa mzigo mzima wa kauri ulinunua kidogo.

Kwa Mirasha, tuseme watu wanalipana kwa magamba ya joka. Swali la kwanza ni joka hujichubua wapi, na nani anakaa njia ya kufikia pango hilo. Akitokea mvuvi aliyepaona penyewe, akaanza kushusha magamba usiku kwa mtumbwi, ikulu haitajua mapema. Watakaojua ni wanawake wa soko la samaki, siku watakapoacha kuyahesabu moja moja na kuanza kuyapima kwa pishi.