Ubwege au Mpishano? Dhana ya Camus na Kifo cha Kazimoto

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, dhana ambayo Albert Camus aliieleza katika insha yake juu ya Sisifo, iliyochapishwa Paris mwaka 1942, imezoeleka kuitwa ubwege. Istilahi hiyo ina manufaa yake, hasa katika uhakiki wa tamthilia. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba inaiweka dhana mahali pasipo pake, na kwamba kosa hilo linaathiri namna tunavyousoma mwisho wa riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi.

Tuanze na umbo la neno. Kiambishi u- kinapoambatishwa kwenye nomino inayotaja mtu, huunda nomino dhahania inayotaja hali au sifa ya mtu huyo: mtoto na utoto, mzee na uzee, bwege na ubwege. Bwege ni mtu mpumbavu, asiyeelewa yanayomzunguka. Kwa hiyo, neno ubwege linampa sifa mhusika mmoja. Katika tamthilia ya Amezidi (1995) ya Said Ahmed Mohamed, ambamo Ame na Zidi wanaishi pangoni kwa maneno na vitendo vya kuchekesha na kutisha, sifa hiyo inaonekana jukwaani, na istilahi haileti taabu.

Camus hazungumzii sifa ya mtu. Anatoa mfano wa mtu anayelivamia kundi lenye bunduki za rashasha akiwa na upanga mkononi. Upanga peke yake hauna ajabu, wala bunduki hazina. Ajabu inazuka pale tunapoipima nia ya mtu yule dhidi ya hali inayomkabili. Ndivyo ilivyo kwa binadamu na ulimwengu. Binadamu anatamani maana, umoja na sababu ya mateso yake, lakini ulimwengu hautoi jibu. Tamaa hiyo peke yake si upuuzi, na kimya hicho peke yake si upuuzi. Dhana ya Camus imo katika kukutana kwa viwili hivyo visivyolingana. Ni uhusiano wenye pande mbili, na upande mmoja ukiondolewa, uhusiano wote unatoweka.

Kiswahili kina nyenzo ya kisarufi inayoubeba uhusiano wa namna hiyo, nayo ni kauli ya kutendana. Ninapendekeza neno mpishano, kutokana na kitenzi pishana. Huenda msomaji akauliza kama kauli hiyo haidai watendaji wawili wenye nia. Baadhi ya vitenzi vyake hudai hivyo. Farakana, kwa mfano, huashiria ugomvi, na ulimwengu haugombani na mtu. Lakini tunasema bei zimepishana au vipimo vimepishana bila kuvipa vitu hivyo nia yoyote. Uangalifu kama huo unahitajika tunapoutaja ukimya wenyewe. Kunyamaza ni tendo la mwenye uwezo wa kusema. Anayesema kwamba ulimwengu umenyamaza amekwisha kuweka humo msemaji anayejizuia. Kusema kwamba ulimwengu ni kimya kunaitaja hali tu, bila kumdokeza mtendaji.

Dhana ikishaeleweka kuwa ni uhusiano, hoja ya Camus kuhusu kujiua inafuata kwa urahisi. Anayejiua anauondoa upande wa kwanza, yaani mwenye kuuliza. Anayeruka na kuikumbatia imani kwa sababu tu akili imeshindwa, kama Camus anavyomsoma Kierkegaard, anauondoa upande wa pili, kwa kuugeuza ukimya kuwa jibu. Camus anakuita huku nako kujiua, ila ni kujiua kwa fikra. Njia ya tatu ni uasi, yaani kuendelea kuishi huku pande zote mbili zikibaki wazi. Neno uasi nalo linahitaji tahadhari, kwa kuwa katika matumizi ya kidini huashiria kuvunja amri ya aliye juu. Uasi wa Camus haumhitaji mwenye amri. Ni kukataa kuridhia, bila kutarajia ushindi wa mwisho.

Namna uasi huo unavyofanya kazi inaonekana wazi zaidi katika riwaya ya Camus kuhusu tauni katika mji wa Oran, Aljeria, iliyotoka mwaka 1947. Mtoto wa hakimu Othon anadungwa dawa mpya iliyotengenezwa na daktari Castel, na anakufa baada ya mateso marefu mbele ya watu wazima wasioweza kumsaidia. Padri Paneloux, aliyekuwapo, anaelekea kwenye msimamo kwamba lazima mtu akubali yote au akatae yote, naye anachagua kukubali. Daktari Rieux hakubali kuupenda mpango wa ulimwengu ambamo watoto huteswa hivyo. Hata hivyo hauachi mji wala haachi kazi, bali anarudi kwa wagonjwa. Mwishoni mwa riwaya, mji unaposherehekea, yeye anajua kwamba vijidudu vya tauni havifi moja kwa moja. Swali lake limebaki, na ukimya umebaki. Kilichoongezeka ni watu wengine waliojiunga naye katika kazi, jambo ambalo Camus aliliendeleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, ambamo uasi wa mtu mmoja unakuwa msingi wa mshikamano na wenzake.

Sasa tumwangalie Kazimoto. Ni msomi aliyetengana na watu wake, anayesumbuliwa na maswali ya maana ya maisha na ya kuwapo kwa Mungu. Dada yake Rukia alipachikwa mimba na Manase. Yeye Kazimoto anamwoa Sabina, dada wa Manase, na mwishowe anajiua. Kwa msomaji anayeshikilia istilahi ya ubwege, ni rahisi kuhitimisha kwamba maisha yamethibitika kuwa ya kibwege, na kwamba kifo ni hitimisho la falsafa hiyo. Kwa kipimo cha mpishano, hitimisho hilo halisimami. Kifo cha Kazimoto hakithibitishi mpishano, kwa sababu kimemwondoa aliyekuwa akiuliza. Yeye ameliacha swali, na riwaya imemwachia msomaji.

Kipimo hicho kinatuwezesha pia kutenganisha mambo ambayo neno ubwege huyachanganya. Mtoto wa Manase mwenye kichwa kikubwa anatisha kama anavyotisha mtoto wa Othon, lakini mateso yao si ya aina moja. Ya Oran hayana mkosaji. Ya Kichwamaji yana chanzo katika maradhi yaliyoletwa na mwenendo wa watu wanaojulikana. Ulimwengu ukiwa kimya kuhusu la kwanza, jamii inalo jibu kuhusu la pili. Mhakiki anayeyaweka yote mawili chini ya ubwege anamwondolea Manase lawama yake bila kukusudia.

Pendekezo hili lina mpaka. Halidai kwamba Kezilahabi aliandika ili kuitekeleza hoja ya Camus, wala kwamba Kazimoto alipaswa kuwa Rieux. Linadai tu kwamba mhakiki anayelitumia jina la Camus juu ya Kichwamaji aulize kwanza ni upande upi wa uhusiano ulioondolewa, na nani aliyeuondoa. Akiuliza hivyo, ataona kwamba uasi ndio ambao Kazimoto hakuufikia, na kwamba kuukosa huko ndiko kunakoupa mwisho wa riwaya uzito wake.