Fahamu: Kwa nini aspirini na klopidogreli hutolewa pamoja

Mchimbaji wa Geita au Shinyanga aliyezibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti, tuseme katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hurudi nyumbani na vidonge viwili: aspirini na klopidogreli. Si kurudia kazi moja.

Chembe sahani ikigusa jeraha la mshipa, huita wenzake kwa kemikali mbili, thromboksani na ADP. Aspirini huharibu kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani. Klopidogreli huamshwa kwanza na ini, kisha huziba kipokezi cha ADP, mwito usisikike. Chembe sahani haina kiini, hivyo haiwezi kujikarabati. Hubaki hivyo hadi ife, siku 7 hadi 10.

Tatizo ni maumivu ya mgongo, ambayo humfanya mchimbaji anunue dawa nyingine. Ibuprofeni ya duka la dawa ikimezwa kabla ya aspirini hukalia nafasi yake kwenye kimeng'enya, kisha hutoka baada ya saa chache, huku aspirini ikiwa imeshapita. Omeprazoli nayo hupunguza uamshaji wa klopidogreli.

Usiache aspirini wala klopidogreli bila ushauri wa daktari: stenti inaweza kuziba ghafla. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali mara moja.