Soko Lililopotea Kwenye Karatasi

Rafiki yangu alitangaza redioni miaka mingi, kisha akastaafu na kuanza kuandika hadithi fupi. Ya kwanza ilihusu soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Aliponisomea, nililiona soko zima. Nilipochukua karatasi nikasome peke yangu, soko likapotea.

Kipande chenyewe kilikuwa hiki: "Dalali aliwapanga changu barabara. Mama yule alisimama kuleee, akatazama meza. Samaki wamekwisha. Akaondoka."

"Barabara" ndiyo iliyonikwaza kwanza. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, neno hilo ni njia ya magari. Ukiwa kwenye ya pili, ni sawasawa. Mdomoni mwake halikuwa na utata. Kwenye karatasi mkazo hauandikwi, nami nikadhani changu wamemwagwa njiani.

"Samaki wamekwisha" aliisoma kwa kupandisha sauti, ikawa swali la mtu asiyeamini macho yake. Kwa Kiswahili, swali na taarifa huweza kuwa na maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, kiimbo tu kikizitofautisha. Mimi nilisoma taarifa kavu. Kabla ya "akaondoka" alinyamaza kidogo, na huzuni yote ilikuwa katika kimya hicho. Hicho nacho kilibaki kooni mwake.

Nilipomweleza, alirudi na alama za mshangao kila mstari, na "kuleee" imeongezwa e nyingine tatu. "Kaka," nikamwambia, "unanitaka nishangae, lakini hujanionyesha cha kushangaza."

Basi tukakaa, tukauliza kila pambo la sauti lilikuwa likifanya kazi gani. Kule kuvuta "kuleee" kulipima umbali. Je, katikati ya mama na meza palikuwa na nini? Kiimbo cha swali kilibeba kutoamini. Mtu asiyeamini hufanyaje? Na kile kimya, mama alikuwa akifanya nini ndani yake? Siku tatu baadaye akaleta hiki:

"Mama alisimama nyuma ya wachuuzi wanne, akinyoosha shingo. Bega moja liliposogea, akaiona meza: magamba na maji ya barafu. Akainama kuchungulia chini yake. Kisha akaikunja noti yake mara mbili, akaifunga tena kwenye pindo la khanga."

Umbali umekuwa wachuuzi wanne. Swali limekuwa kuinama. Kimya kimekuwa mikono inayofunga pesa. Sentensi ya dalali aliifuta, kwa kuwa meza tupu haihitaji kujua samaki walipangwaje.

Nilimkataza kuisoma kwa sauti mbele ya mtu, maana angeitia tena yale yasiyoandikwa. Alimpa mpwa wake karatasi, naye akakaa kimya kumtazama. Kijana alipomaliza aliinua kichwa akauliza, "Mjomba, ile noti ilikuwa shilingi ngapi?"

Kiasi hakikuandikwa popote.