Risiti ya Milimita 80

Printa ndogo ya kaunta inatoa risiti. Maandishi yamejikusanya juu ya karatasi, madogo kama mayai ya sisimizi, na chini yake kinafuata kipande kirefu cheupe kisicho na kitu. Mteja anaigeuza karatasi kuelekea mwanga asome bei, na muuzaji anailaumu printa. Kwa kawaida printa haina kosa. Imeletewa PDF yenye ukurasa wa A4, wenye upana wa milimita 210, na draiva yake imeubana uingie kwenye karatasi ya upana wa kiganja. Kila kitu kimepungua hadi theluthi moja, na herufi iliyoandikwa kwa saizi 10 imebaki na saizi kama 3.

Programu inaweza kuiandikia printa ya aina hii moja kwa moja, mstari kwa mstari, bila PDF yoyote, na uchapaji huwa wa haraka zaidi. Lakini wenye maduka wengi wanataka waraka uleule uchapwe, utumwe kwa mteja kwa WhatsApp na ubaki kwenye kumbukumbu. Karatasi za printa hizi hazitumii wino. Zina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, kwa hiyo risiti iliyoachwa juani kwenye dashibodi ya gari huharibika, ilhali PDF inabaki ilivyo. Basi ni PDF, ila itengenezwe kwa vipimo vya roli tangu mwanzo.

Roli za kawaida madukani ni mbili: ya milimita 80 na ya 58, ambayo mara nyingine huandikwa 57. Kichwa cha kuchapa hakifiki ukingoni. Kwenye roli ya 80 kwa kawaida huchapa milimita 72, na kwenye ya 58 huchapa 48. Printa nyingi za aina hii hupiga nukta nane kwa kila milimita. Kwa hiyo ukurasa wa PDF uwe na upana wa milimita 80, na pembeni kuachwe milimita nne kila upande.

Hapo draiva huingilia kati. Nyingine huhesabu karatasi kuwa ni zile milimita 72 tu, na zikipewa ukurasa wa 80 huupunguza. Risiti inatoka ikionekana sawa, imepungua kidogo tu, na hakuna anayegundua. Dawa yake ni rula. Weka kwenye PDF ya majaribio mstari wa milimita 50, uchape, uupime. Ukipata 50, upana uko sawa. Ukipata 45, draiva imeubana ukurasa wa 80 uingie kwenye 72. Ukipata 17 hivi, ukurasa wako bado ni A4. Kwenye Adobe Reader chagua `Actual size` badala ya `Fit`, kisha kwenye mipangilio ya printa chagua karatasi ya 80. Kama draiva haina karatasi nyingine ila ya 72, tengeneza ukurasa wa 72 usioacha nafasi pembeni.

Upana ukishatulia, kazi kubwa ni urefu. Roli haina mwisho wa ukurasa, lakini PDF lazima iambiwe urefu wa ukurasa kabla ya kuandikwa neno la kwanza. Wanaotengeneza risiti kwa kivinjari hujaribu kukwepa hesabu hiyo kwa kuandika `size: 80mm auto`. Kanuni za CSS haziruhusu kipimo na `auto` pamoja, kwa hiyo kivinjari hupuuza mstari wote na kurudi kwenye karatasi yake ya kawaida. Hakuna njia ya mkato: hesabu mistari kwanza.

Tuchukue dobi anayepokea nguo tano. Risiti yake ina mistari kumi isiyobadilika: mitatu ya jina la duka na mahali lilipo, miwili ya namba na tarehe, mitatu ya jumla, malipo ya awali na salio, na miwili ya shukrani. Tukitumia herufi za Courier saizi 9, ambazo zote zina upana sawa, mstari mmoja wa milimita 72 unabeba herufi 36 kwa raha. Tisa tunaziachia bei, na jina la nguo linabaki na 27. "Shati jeupe" linaingia bila shida. "Blanketi la sufu la kitanda kikubwa" lina herufi 35, kwa hiyo "kikubwa" linashuka mstari wa pili, na nguo tano zinachukua mistari sita. Jumla ni mistari 16. Kila mmoja ukipewa milimita 4.5, tunapata 72. Ongeza nne za juu, 22 za msimbo wa QR na kumi za chini ili kisu kisikate maandishi. Urefu ni milimita 108.

Kwa lugha ya PHP na maktaba ya FPDF, hesabu hiyo huandikwa hivi:

```php
$mistari = 10;
foreach ($nguo as $jina) {
    $vipande = explode("\n", wordwrap($jina, 27, "\n", true));
    $mistari += count($vipande);
}
$urefu = 4 + $mistari * 4.5 + 22 + 10;

$pdf = new FPDF('P', 'mm', [80, $urefu]);
$pdf->SetMargins(4, 4, 4);
$pdf->SetAutoPageBreak(false);
$pdf->AddPage();
$pdf->SetFont('Courier', '', 9);
```

Mstari wa `SetAutoPageBreak(false)` usiusahau. Bila kuambiwa vingine, FPDF huacha sentimita mbili chini ya kila ukurasa. Kwenye risiti ya dobi wetu, maandishi yanaishia milimita 76 na mpaka wa FPDF uko 88. Msimbo wa QR ukiwekwa baada ya maandishi bila kutajiwa mahali pake, hauenei, nao unahamia ukurasa wa pili. Printa inakata mara mbili, na mteja anapewa vipande viwili. Ukiona risiti inatoka vipande viwili, anza kutafuta hapo.

Kuna mtego mwingine unaowanasa watengenezaji wa tiketi fupi, kama za maegesho. Tiketi ya upana wa 80 na urefu wa 50 ikiandikwa kwa `'P'`, FPDF huchukua kipimo kidogo na kukifanya upana. Unapata ukurasa wa 50 kwa 80, na nusu ya maandishi inatoka nje ya karatasi. Urefu ukiwa chini ya 80, tumia `'L'`.

Rangi ni jambo fupi: printa hii ina nyeusi tu. Kijivu huigizwa kwa nukta zilizotawanyika, na herufi ndogo za kijivu huonekana zimeliwa. Andika kila kitu kwa weusi kamili. Msimbo wa QR nao upate vipimo vinavyogawanyika kwa nukta: wenye miraba 33 upande mmoja, pamoja na nafasi nyeupe ya pembeni, ukipewa nukta tano kwa mraba, unakuwa milimita 20.6. Ukiuvuta hadi 22 kamili, miraba mingine inapata nukta tano na mingine sita, na simu zenye kamera dhaifu zinaanza kusumbuka kuusoma.

Na neno moja kwa wenye maduka Tanzania: PDF hii, hata ikitoka safi namna gani, ni kumbukumbu yako na ya mteja wako tu. Kama sheria inakutaka utumie mashine ya EFD, risiti inayotambuliwa na TRA ni ile ya EFD, na mteja lazima apewe hiyo.